Acha Kuongeza Vistari: Neno Moja Linaweza Kuzaa Majina Kumi

Mwaka jana mama mmoja mwenye kibanda kule Kahawa West alituma shilingi 3,500 kwa mtu aliyedhani ni mimi. Alikuwa anataka nimfanyie video ya chapo na ndengu zake, ambazo kusema ukweli zinastahili video. Alinitafuta kwa jina aliloambiwa na mteja wake, akapata akaunti yenye picha yangu na video zangu mbili za zamani, akaandika inboksi, akajibiwa vizuri kabisa, akatuma pesa. Wiki mbili baadaye alinipata kwa njia nyingine na kuniuliza, kwa upole ambao uliniuma kuliko matusi, "Kijana wangu, utakuja lini?"

Sikuwa na jibu. Ile akaunti haikuwa yangu. Lakini jina lilikuwa langu. Nililitumia miezi kadhaa, nikalichoka, nikabadilisha. Siku niliyoliacha lilirudi sokoni, na mtu akaliokota kama vile mtu anaokota simu iliyoanguka kwenye matatu.

Kwa hivyo leo sina mzaha. Watu wengi wananiuliza kuhusu kamera, taa na maikrofoni. Hakuna anayeniuliza kuhusu jina la akaunti, na ni jina lililomlia mama wa watu pesa. Msimamo wangu ni huu: kabla ufungue akaunti yoyote, keti chini na neno moja unalolipenda, ulizalishe majina kumi na zaidi kwenye daftari, uyachuje, kisha uchague mara moja. Na usitumie nambari na vistari kuyazalisha. Tumia viambishi vya Kiswahili. Tumepewa bure na tunavikalia.

Hebu kwanza muone nilikotoka. Neno langu ni chapo. Nilianza kupiga video za vyakula vya vibandani nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla niache masomo, na chapo ndiyo chakula nilichokuwa nakula siku zote kwa sababu mbili na ndengu zilikuwa zinanifikisha jioni. Jina la kwanza lilikuwa `chapo_lyf`. Halafu nikataka ijulikane natoka Kenya, ikawa `chapolyf_ke`. Halafu nikaona hiyo haina swagi, nikaandika `__chapo.lyf03__`. Vistari viwili mbele, nukta katikati, mwaka wa kuzaliwa, vistari viwili nyuma. Nilijiona mkali sana.

Sasa jaribu kumwambia mtu jina hilo kwa simu. "Kistari cha chini, kistari cha chini, chapo, nukta, lyf, lakini si kama laifu ya kawaida, ni l, y, f..." Hapo ashakata. Na kwenye X hata halikukubali, kwa sababu X hairuhusu nukta. Ikabidi kule niwe na jina lingine. Kwa hivyo nilikuwa mtu mmoja mwenye majina manne, mawili nimeyaacha barabarani, na hakuna hata moja ambalo mteja angeweza kulikumbuka vizuri. Tapeli hakuhitaji ujuzi wowote. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Tuanze na nafasi uliyonayo. Jina la akaunti linaweza kufika herufi 30 kwenye Instagram na YouTube, 24 kwenye TikTok, lakini X inakupa 15 tu. Kama unataka jina lilelile kila mahali, na unapaswa kulitaka, basi kipimo chako ni yule mdogo zaidi. Yaani herufi 15, na alama unazoweza kutumia ni herufi za kawaida, tarakimu na kile kistari cha chini. Nukta sahau. Herufi kubwa pia sahau, kwa sababu ukiandika ChapoMoto na mwingine aandike chapomoto, mitandao hii inawahesabu kuwa jina moja, na mara nyingi jina litaonekana lote kwa herufi ndogo. Jina lako lazima lisomeke bila msaada wa herufi kubwa.

Chapo lina herufi 5. Nimebaki na 10 za kuchezea, na hiyo ni nafasi kubwa. Kama neno lako ni kinyonga, umekula 8 tayari na umebaki na 7. Bado inawezekana, `mwanakinyonga` ni herufi 13, lakini utabanwa. Ndiyo maana napendekeza neno la silabi mbili au tatu.

Pia neno lianze na konsonanti. Hii si urembo, ni sarufi. Viambishi vyetu vingi vya mbele vinaishia na irabu: ka, ki, ma, wa, mwana. Ukivibandika kwa neno linaloanza na irabu, irabu mbili zinagongana na jicho halijui pa kukata. Chukua asali. Ukiweka wa unapata `waasali`, na mtu atasahau a moja anapoandika. Lakini ukiweka kiambishi mbele ya neno kama chapo, irabu inakutana na konsonanti, na msomaji anakata mahali panapofaa bila kufikiria. Kiswahili kinapenda silabi wazi, konsonanti halafu irabu, konsonanti halafu irabu. Hiyo ndiyo sababu majina yetu yanasomeka hata yakiunganishwa bila nafasi.

Sasa kazi yenyewe. Nilichora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto niliandika vya kuweka mbele: ka, ki, m, ma, ji, mla, wala, mpika, mwana, wana. Upande wa kulia niliandika vya kuweka nyuma: ni, ke, 254, moto, tamu, mbele, asali, leo. Mtu wa sarufi ataniambia kwamba baadhi ya hivyo si viambishi, ni maneno kamili. Sawa mwalimu, lakini kwa jina la akaunti vinafanya kazi ileile. Kumi mbele, nane nyuma, jumla majina 18. Ilinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Halafu nikaanza kuyachuja, na hapa ndipo watu wengi wanaruka. Kutengeneza jina ni rahisi. Ngumu ni kugundua kwamba umetengeneza neno lingine bila kujua.

Mchujo wa kwanza ni wa maana. Soma kila jina kama vile hujui neno lako la asili. `kichapo`: hii si chapo ndogo. Kichapo ni kipigo, ni kile timu yako inapokea Jumamosi ikifungwa mabao manne. `jichapo` nilitaka iwe chapo kubwa, ile ya kufunika sahani nzima, lakini sikio linasikia "jichape", yaani ujipige mwenyewe. `mchapo` ni neno zuri, maana yake kisa cha kuchekesha, na ningekuwa msimulizi ningelikumbatia. Lakini hakuna anayelisoma akafikiria chakula. Kiambishi kimelimeza neno langu. Hizo tatu zikaenda.

Mchujo wa pili ni wa mshono, pale neno linapokutana na nyongeza. Andika jina kwa herufi ndogo, mwonyeshe mtu kwa sekunde moja, muulize ameona nini. `chapombele` nilikuwa naipenda sana, chapo mbele kama vile twende mbele. Rafiki yangu alisoma "cha pombe". Hebu liangalie tena. Ukishaliona hivyo huwezi kuacha kuliona, na akaunti ya chakula inayotazamwa na watoto wa shule haihitaji hilo. `chapoleo` ilisomwa "cha pole". Watu watadhani napika matanga. `chapoasali` ina irabu mbili zinazogongana pale katikati, o na a, na aliyeisoma alisita. Na `chapoke` inaonekana kama kitenzi cha ajabu ambacho hakuna anayekijua. Ile ke ya Kenya haieleweki bila kistari.

Chanzo cha shida hizi ni kimoja, na ukikielewa utajiokoa. Chapo linaanza na cha, na cha peke yake ni neno kamili kwa Kiswahili, kama vile chakula cha mchana. Kwa hivyo jicho la Mswahili likiona cha mwanzoni linataka kukata hapo, halafu linatafuta neno katika herufi zinazobaki. Kama zinazobaki zinaanza kama pombe au pole, umeshikwa. Neno lako nalo litakuwa na udhaifu wake. Kama linaanza na wa, ya, la au za, angalia mshono mara mbili.

Saba zimetoka. Nimebaki na 11: `kachapo`, `machapo`, `mlachapo`, `walachapo`, `mpikachapo`, `mwanachapo`, `wanachapo`, `chaponi`, `chapo254`, `chapomoto` na `chapotamu`.

Mchujo wa tatu ni wa sikio, na huo unafanyika kwa simu, si kwa macho. Nilimpigia binamu yangu nikiwa ndani ya matatu yenye muziki wa juu. Nikamtajia kila jina mara moja tu, bila kulitamka herufi kwa herufi, na yeye akaandika alichosikia na kunitumia. Matokeo yalinifunza unyenyekevu.

`chapo254` alisikia vizuri lakini akaandika "chapotufaifo", kwa sababu nilizitaja tarakimu kwa Kiingereza. Ningezitaja kwa Kiswahili angeandika mbili tano nne. Tarakimu zina njia mbili za kutamkwa na mbili za kuandikwa, na huwezi kujua msikilizaji atachagua ipi. `mwanachapo` na `wanachapo` aliziandika sawa zote mbili. Zikifanana hivyo kwa sikio, haziwezi kuishi katika daftari moja, kwa hivyo nikabaki na `wanachapo`. Na `mlachapo`, mpenzi wangu wa kwanza, jina nililokuwa nimeshaliona kwenye fulana kwa ndoto, aliandika "mulachapo".

Nilibishana naye. Nikamwambia hiyo si sarufi. Akanijibu, "Sasa wewe unataka wafuasi ama unataka kusahihisha insha?" Alikuwa sahihi. Wengi wetu wa bara tunaitamka ile m iliyosimama peke yake kama mu, na tunaiandika tulivyoitamka. `mpikachapo` ilipita kwa sababu kila mtu ameshaona neno mpishi na mpira, lakini mla si neno ambalo watu wanaliona kila siku. Nikalikata na kalamu nyekundu.

Zikabaki nane. Nane ambazo zinasomeka, zinasikika, haziibi maana ya neno lingine, na ndefu kuliko zote, `mpikachapo`, ina herufi 10.

Sasa sikiza, hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaokuambia usajili kila jina linalokuja kichwani. Daftari la majina si leseni ya kufungia majina mtandaoni. Kukalia majina usiyoyatumia ni kuwazuia wengine, na X kwa mfano imelipiga marufuku jambo hilo katika kanuni zake. Isitoshe, kila akaunti unayofungua ina nywila, na akaunti usiyoingia ni akaunti ambayo hutajua ikidukuliwa. Mimi nilichukua matatu. `chaponi` ndilo jina kuu, kwa sababu ni silabi tatu safi, cha, po, ni, na lina maana: mahali penye chapo. `kachapo` ni la video fupifupi. `walachapo` ni la kundi la wafuasi, na lilijichagulia kazi lenyewe kwa kuwa ni wingi. Hiyo ndiyo raha ya viambishi. Nambari haikuambii akaunti ni ya nini. Kiambishi kinakuambia.

Yale matano yalibaki kwenye daftari. Yanasubiri. Nikianza kuuza unga au nikipata mshirika wa kupika, jina lipo tayari na limeshachujwa, na kila mtu akiliona atajua ni familia moja.

Lakini kabla ya kusajili chochote, tafuta kila jina kwenye kila mtandao unaotumia, siku hiyohiyo. Jina likiwa na mwenyewe hata kwa mtandao mmoja, liache. Usiongeze kistari na kujifanya ni lako. Ukifanya hivyo unageuka kuwa yule tapeli wa kwangu, hata kama moyo wako ni safi, kwa sababu mteja wake ataishia kwako na wako ataishia kwake. Ndiyo maana unahitaji daftari lenye majina manane na si moja: ili kukosa lisikusukume kwa vistari.

Na kama tayari una jina baya na unataka kulihama, usifanye nilivyofanya. Mimi nilibadilisha nikalala. Unapobadilisha jina, lile la zamani linaweza kuachiliwa na mtu mwingine kulichukua, na TikTok hairuhusu kubadilisha tena mpaka siku 30 zipite, kwa hivyo ukijuta umechelewa. Jaribu kulichukua tena mara moja kwa akaunti ya pili, weka picha moja yenye maneno "tumehamia hapa", na uandike jina jipya. Hilo si kukalia jina la watu. Hilo ni kufunga nyumba uliyohama. Kisha pitia kila mahali ulipowahi kuandika jina la zamani, kadi, mabango, maelezo chini ya video, ubadilishe.

Kuna mambo mawili ambayo viambishi haviwezi kukufanyia, na ningekuwa mwongo nisiyaseme. La kwanza, haviwezi kumzuia mtu kuandika `chap0ni`, na sifuri badala ya o. Kwenye kioo cha simu iliyopasuka tofauti hiyo haionekani. Dawa yake si kusajili kila namna ya kukosea, kwa sababu hutazimaliza. Dawa ni kuorodhesha akaunti zako zote halali mahali pamoja, na kuwaambia wateja kwamba hupokei pesa kabla hamjaongea kwa simu. Mimi sasa nasema hivyo katika kila video ya kazi.

La pili, neno moja linaunganisha kila kitu chako. Hiyo ni nguvu kwa biashara, lakini ni hatari kwa siri. Kama una akaunti ambayo unaulizia mambo ya afya yako, au ya nyumbani, usiipe jina la familia hii hata kwa kiambishi cha mbali. Mtu akijua chapo ni wewe, atakutafuta kwa chapo. Na ule mwaka wa kuzaliwa nyuma ya jina uutoe leo. Unamwambia kila mtu umri wako, na wengi wetu tumeuweka palepale kwenye nywila.

Nilimrudishia yule mama shilingi zake 3,500. Ilinichukua miezi miwili, kwa mafungu, na hakuniomba. Kuna watu waliniambia mimi ni mjinga, kwamba aliyekula ni tapeli. Ni kweli alikula tapeli. Lakini kibao cha mlangoni kilikuwa changu na niliking'oa nikakiacha kando ya barabara.

Video yake niliipiga hatimaye. Mwishoni anauliza akiwa na unga mikononi, "Watu wakutafute wapi?" Nikamjibu neno moja. Akalirudia mara ya kwanza bila kukosea, akaendelea kusukuma chapo.